Kabla Chama Hakijakimbilia Dola

Wiki iliyopita mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba alituma ujumbe mrefu kwenye kundi letu la WhatsApp, akipendekeza kwamba akiba yetu yote igeuzwe kuwa dola kabla joto la uchaguzi wa 2027 halijapanda. Sikuwa nimemaliza kuusoma, na tayari wanachama walikuwa wameuunga mkono kwa vidole gumba, kana kwamba mwaka 2024 haukupitia Kenya.

Naomba tukumbushane. Januari 2024 dola moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 160, kwa sababu serikali ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni, na wengi hawakuamini kwamba fedha hizo zingepatikana. Februari serikali iliuza Eurobond nyingine ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ilipotulia, shilingi ilipanda kwa kasi, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, kiwango ambacho haijakiacha sana tangu wakati huo.

Sasa tumchukue mtu aliyekuwa na shilingi 500,000 mwezi ule wa Januari. Tuseme duka la kubadilisha fedha lilimuuzia dola kwa 162, akapata kama dola 3,086. Tuseme tena kwamba katikati ya mwaka alirudi dukani, na likazinunua kwa 127. Atatoka na takriban shilingi 392,000, nazo atazipata zote ikiwa noti zake ni kubwa na mpya, maana noti ndogo au za zamani hupunguziwa bei dukani. Shilingi 108,000 zimeyeyuka, tena kwa mkono wa mtu aliyedhani anajikinga dhidi ya hasara.

Wakati huohuo, Februari 2024, Benki Kuu ilikuwa ikiuza hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Mnada ulitafuta shilingi bilioni 70, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 280, na riba ikasimama kwenye asilimia 18.46 bila kodi. Shilingi 500,000 zilezile zingeleta 92,300 kwa mwaka, zikilipwa kwa awamu mbili za 46,150, katika mwaka ambao mfumuko wa bei ulikuwa ukishuka kutoka karibu asilimia 7. Hofu ileile iliyopandisha dola ndiyo iliyoilazimu serikali kulipa riba kubwa kiasi hicho. Wengi wetu tuliitazama hofu hiyo kupitia dirisha moja tu, lile la duka la dola.

Lakini msinielewe vibaya nikisifu hati fungani, kwa maana hapa ndipo wanachama wengi wanapopoteza akiba yao bila kujua. Riba ya 92,300 si faida yote. Sehemu yake ni fidia ya thamani ambayo mtaji unapoteza kila mwaka, na anayeitumia yote kwa karo, harusi na sherehe za Desemba anakula mtaji wake kijiko kwa kijiko. Tuchukulie kwamba bei zinapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, na kwamba mtaji wote unarudishwa mwishoni. Baada ya miaka minane na nusu, 500,000 utakazorudishiwa zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban 330,000. Ili mtaji ubaki na nguvu yake, mwaka wa kwanza unapaswa kutenga shilingi 25,000 kutoka kwenye riba na kuziwekeza upya, kisha zilizobaki, yaani 67,300, ndizo unazoweza kuziita zako. Mwaka wa pili utatenga 26,250, kwa sababu mtaji unaoulinda sasa ni 525,000, na hivyo hivyo kila mwaka. Hesabu hii haihitaji shahada yoyote. Inahitaji daftari la mweka hazina kuwa na safu mbili za riba, moja ya kurudishwa kwenye mtaji na nyingine ya kugawanywa, na sijawahi kuona chama chenye daftari kama hilo.

Mtaniambia kwamba kwa miongo mingi dola imeishinda shilingi, nami siwezi kukana: miaka ya sitini dola ilikuwa takriban shilingi 7. Hata hivyo, dola iliyofungiwa sandukuni haizai. Kati ya 2016 na 2019 ilizunguka kwenye shilingi 100 au zaidi kidogo, huku bei za sokoni zikipanda kila mwaka. Machi 2023 Rais Ruto aliwaonya wanaoficha dola kwamba wangepata hasara, na dola, ambayo wakati huo ilikuwa karibu 130, ikamjibu kwa kupanda hadi 160. Alipatia, ila kwa kuchelewa karibu mwaka mzima. Aliyenunua siku ya onyo lile na kukaa nazo hadi leo ana shilingi zilezile alizoanza nazo, ilhali unga, nauli na kodi ya nyumba havikumsubiri.

Dola ina mahali pake. Mwenye mtoto anayesoma ng'ambo, au anayeagiza bidhaa kutoka Dubai, anapaswa kuwa nazo kwa kiasi cha matumizi hayo. Vilevile kuna nchi ambazo kukimbilia dola ni busara tupu: Zimbabwe ya 2008 haihitaji maelezo. Kipimo chake ni rahisi. Chukua riba ya dhamana za serikali, ondoa kodi, kisha uilinganishe na mfumuko wa bei unaotangazwa na KNBS kila mwezi, ukiongeza kidogo ikiwa kapu lako lina karo na chakula kingi kuliko lao. Riba ikiwa juu, shilingi inakulipa ukae nayo. Ikiwa chini kwa muda mrefu, ondoka. Akaunti ya kawaida ya akiba huanguka mtihani huu karibu kila mwaka, na bado humo ndimo fedha za chama chetu zimelala.

Na kwa wale watakaopendekeza kiwanja: ni kizuri hadi siku unapohitaji fedha kufikia Ijumaa.

Kuna hatari moja ambayo mweka hazina hakuitaja, nayo ndiyo inayonisumbua mimi kuliko uchaguzi. Ghana, kuanzia Desemba 2022, serikali iliyolemewa na madeni iliwataka wenye hati fungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Dhamana za muda mfupi, zile za chini ya mwaka mmoja, hazikuguswa. Aidha, mwenye hati fungani anayelazimika kuiuza kabla ya wakati, riba za soko zikiwa zimepanda, atauza kwa hasara kupitia dalali. Kwa hiyo nimewaandikia wenzangu pendekezo langu: fedha za dharura na mikopo ya wanachama zikae kwenye dhamana za siku 91, ambazo akaunti ya chama kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa mtandaoni, inatosha kuzinunua, zile tusizozihitaji kwa miaka mingi ziende kwenye hati fungani, tukikubali riba ya wastani wa mnada badala ya kujifanya mabingwa wa kukisia, na dola zinunuliwe na yule tu mwenye karo ya kulipa ng'ambo, kwa fedha zake mwenyewe. Kufikia sasa nimepata kidole gumba kimoja, na ni cha mke wangu.