Divisheni ya tatu inaweza kuwa nyuma ya divisheni ya nne, hesabu zenyewe ndizo zinasema

Hapa Mutukula upande wetu wa Uganda kila mwaka matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania yakitoka simu zinapita mikono mingi. Wapo wazazi wenye watoto wanaosoma ng'ambo, huko Missenyi na Bukoba, kwa mjomba au bweni, na wengi wao walisoma kwa mfumo wa zamani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa hiyo wanasoma karatasi ya NECTA, baraza la Tanzania, kwa macho ya Kiganda. Nataka niseme wazi maoni yangu, divisheni ndiyo kitu cha mwisho unachotakiwa kuangalia kwenye ile karatasi, na watu wanaangalia hicho peke yake halafu wanachinja kuku.

Kwanza hii ya herufi. Kwetu mtu aliyemaliza senia foo, ndio kidato cha nne chetu, zamani alikuwa na D1 na D2, hizo ni distinkisheni, ndio juu kabisa, halafu C3 mpaka C6, P7, P8, mwisho F9. Sasa mama akiona mtoto ana D tano mfululizo anashangilia. Tanzania D ni pasi ya chini kabisa jamani, ni alama 30 mpaka 44. Chini ya 30 ni F. C inaanza 45 inaishia 64, B ni 65 mpaka 74, A ni 75 kwenda juu. Kila herufi ina pointi yake, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, unajumlisha. Kwetu ilikuwa nane bora na sasa hata haipo tena, maana mtaala mpya ulioanza 2020 umeondoa divisheni kwa waliofanya UCE, mtihani wa senia foo, kuanzia 2024, wanapewa herufi A mpaka E kwa kila somo basi. Kwa hiyo huku wadogo zetu hawajui tena kujumlisha na wakubwa wanajumlisha kwa kanuni ya nchi nyingine, ndio maana kila mwaka ni vurugu.

Jumla ikiwa 7 mpaka 17 ni divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, 26 mpaka 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro. Watu wengi wanakariri hivi kama namba za basi, lakini ukikaa na kalamu utaona zile namba zina maana yake. Chukua 33. Ni F tano na D mbili, yaani 25 na 8. Au F sita na C moja, yaani 30 na 3. Sasa mwenye D moja tu na F sita anapata 34, huyo ni ziro. Ina maana ili upate cheti lazima uwe na angalau D mbili au C moja, na hiyo sharti imefichwa ndani ya namba 33, hakuna haja ya kuitafuta kwenye kitabu. Ukiwa na C kila mahali saba mara tatu ni 21, ndio mwisho wa divisheni ya pili. Ukiwa na C tatu na D nne unapata 9 na 16, jumla 25, ndio mwisho wa ya tatu. Hiyo 25 ikumbuke, tunairudia.

Sasa njoo kwenye kesi yenyewe. Majina siweki na namba za mtahiniwa siweki, nimepanga mfano tu unaofanana na karatasi za kila mwaka. Binti huyu alifanya masomo tisa, kwenye simu anaonekana hivi:

```
AGGT  DIV  DETAILED SUBJECTS
25    III  CIV - 'D' HIST - 'C' GEO - 'D' KISW - 'B' ENGL - 'D' PHY - 'F' CHEM - 'D' BIO - 'D' B/MATH - 'F'
```

Hesabu tuifanye pamoja. Kiswahili B ni 2, historia C ni 3, tayari 5. Zinabaki D tano, yaani uraia, jiografia, kiingereza, kemia na biolojia, tano mara nne ni 20. Jumla 25 na masomo saba yametimia, F ya fizikia na F ya hesabu zinatupwa nje, hazionekani popote kwenye jumla. Divisheni ya tatu. Familia inafurahi, na kweli binti kafaulu, sikatai.

Kijana wa jirani yake alifanya masomo saba tu, yale ya lazima. Kiswahili C, uraia C, historia C, halafu jiografia D, kiingereza D, biolojia D, na hesabu F. Jumlisha, 9 na 12 na 5, inakuja 26. Divisheni ya nne. Baba yake hasemi na mtu.

Lakini hebu angalia vizuri nani yuko mbele. Kuendelea kidato cha tano Tanzania kunahitaji krediti tatu, na krediti maana yake ni A, B au C, D haiingii. Binti wa divisheni ya tatu ana krediti mbili tu, ile B na ile C. Kijana wa divisheni ya nne ana krediti tatu. Kujiandikisha mtihani wa kidato cha sita kunaangalia krediti, kwa hiyo yule kijana wa divisheni ya nne shule ya binafsi inaweza kumpokea kidato cha tano, na binti wa divisheni ya tatu haiwezi mpaka apate krediti ya tatu. Serikali ndio ina ukali zaidi, kwa shule zake inataka krediti tatu za masomo yasiyo ya dini NA jumla isizidi 25, hapo wote wawili wako nje, binti kwa sababu ya krediti na kijana kwa sababu ya pointi moja. Sasa niambie kwenye karatasi ile neno III na neno IV limekusaidia nini?

Inawezekana hata kuwe na vioja zaidi. Mtoto mwenye A moja na D sita anapata 25 vilevile, divisheni ya tatu, krediti moja. Mimi nikiona 22 mpaka 25 siulizi divisheni ngapi, naanza kuhesabu herufi zilizo juu ya D, nikifika tatu napumua. Kwenye divisheni ya pili hilo tatizo linapungua, maana 21 ukiwa na krediti mbili haiwezekani, hata A mbili na D tano ni 22. Jaribu mwenyewe. Kwa hiyo anayehitaji kuchunguzwa kwa makini ni yule wa 22 mpaka 25, na wa 26 na kuendelea kidogo, wengine herufi zao zinajieleza.

Kuna jambo lingine la yule kijana ambalo wazazi wa huku hawaliulizi wakati wa kuchagua masomo, wanaliuliza wakati wa kulia. Alifanya saba peke yake. Saba bora ya masomo saba ni yote, hakuna cha kutupa, kwa hiyo F ya hesabu imekaa pale na pointi zake tano. Binti alikuwa na tisa, F zake mbili zikaanguka. Laiti kijana angekuwa na somo la nane akapata hata D, ile F ingetoka, 5 inakuwa 4, jumla 25, divisheni ya tatu na krediti tatu, na mlango wa serikali uko wazi. D moja ya alama 30! Mimi nasema mtoto ambaye mnajua tangu fomu wani kwamba hesabu inamshinda asiachwe na masomo saba, aongezewe moja analoliweza. Walimu wengine watasema masomo mengi yanamchosha, na kuna ukweli, ukimbebesha kumi anaweza kushusha C zake zikawa D halafu umepoteza krediti, hapo umeharibu zaidi. Lakini saba kavu kavu na hesabu ya F ni kucheza bila golikipa.

Na wale wanaolinganisha watoto kwa pointi nao wapunguze. C ina upana wa alama 20, kutoka 45 mpaka 64. Mtoto wa 64 kila somo ana pointi 21 na mtoto wa 45 kila somo ana 21, wote divisheni ya pili, na karatasi haikuonyeshi alama, inakuonyesha herufi. Huyo wa 64 akiongeza alama moja tu kwenye masomo manne, zinakuwa B nne na C tatu, 8 na 9, jumla 17, divisheni ya kwanza. Huyo wa 45 akipunguza moja kwenye manne hayohayo anapata C tatu na D nne, ni ile 25 yetu. Yaani wawili waliofungana leo wako umbali mkubwa sana na hakuna anayeona.

Tanzania wenyewe walishajaribu kuachana na hii, matokeo ya mtihani wa 2014 yalitoka kwa GPA, distinkisheni, meriti, krediti na pasi, watu wakachanganyikiwa, na matokeo ya mtihani wa 2015 yakarudi kwa divisheni. Kwa upande wa UNEB kulikuwa na kitu kimoja nilichokipenda, divisheni ya kwanza haikuwa jumla ya 32 peke yake, ulitakiwa pia uwe na krediti ya kiingereza, hivyo ukiona namba ya divisheni ulikuwa unajua jambo fulani kuhusu mtoto. Ile ya saba bora haikuambii ni saba zipi. Mwenye hamu ya kuwa nesi anahitaji biolojia na kemia zake ziwe na afya, na hizo ndizo zinaweza kuwa zile mbili zilizotupwa nje ya hesabu, mtu ana divisheni ya pili safi na chuo kinamkataa.

Kwa binti wetu wa 25, ushauri wangu asirudie kidato chote cha nne kama mama yake anavyotaka. Anahitaji krediti moja. Akajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, achukue jiografia na uraia, masomo ambayo D ilishakuwepo na hayana maabara, moja likipanda kuwa C anakuwa na historia, Kiswahili na hilo. Mawili ni kwa ajili ya usalama, moja likikwama lingine lipo, na ada ya masomo mawili haifanani hata kidogo na ada ya mwaka mzima wa bweni.