Mafuriko yakibeba mpunga, usiombe miezi mitatu tu

Watu wengi wakienda kuomba kusimamishiwa marejesho ya mkopo baada ya mafuriko wanataja miezi mitatu, kwa sababu mbele ya meneja inasikika ya adabu, halafu hiyo mitatu inaisha mpunga ukiwa bado kijani shambani na deni linaanza kudai upya. Mimi nasema miezi ihesabiwe kwa zao lenyewe.

Tuseme mama wa Butaleja, Uganda, upande wa Doho, mto Manafwa umefurika mwezi wa tano na maji yamelala shambani. Kwenye sako yao, chama cha kuweka na kukopa, bado anadaiwa shilingi milioni 4, imebaki miezi 10, riba ni 2% kwa mwezi kwa salio linalopungua. Maji yanatoka mwezi wa saba ukianza, kitalu kinakula wiki tatu hadi nne, akipandikiza ni miezi mitatu na zaidi mpaka uive, bado kuvuna, kuanika na kumpata mnunuzi. Hela ya kweli ataishika mwezi wa 12. Kwa hiyo aombe kuanzia wa sita mpaka wa 12, miezi saba, na hiyo kalenda aiandike kwenye barua yenyewe ili kamati ya mikopo ione sababu.

Sasa hapa ndio watu wanaumia, hawaulizi kama tarehe ya mwisho ya mkopo nayo inasogezwa. Isiposogezwa, ile milioni 4 aliyokuwa ailipe kwa awamu 10 za 400,000 bila kuhesabu riba inabanwa kwenye awamu tatu, kila moja zaidi ya 1,300,000, jamani hiyo imemsaidia nini? Riba nayo aulize. Ikilimbikizwa juu ya deni miezi yote saba, milioni 4 inakuwa karibu 4,595,000. Kama ana kuku au ndizi za kuuza, bora alipe riba peke yake, 80,000 kwa mwezi, deni libaki palepale.

Na aende kabla awamu ya kwanza haijapita, maana kwa benki mkopo ukichelewa siku 90 unahesabiwa mbovu na hapo mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Abebe picha za shamba alizopiga maji yakiwa bado yamesimama, barua ya mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, na ya afisa kilimo wa sabukaunti inayosema ni eka ngapi zimeharibika, hii ya mwisho naona ndio ina uzito kuliko zote kwa sababu inatoka kwa mtu anayejua mpunga.

Akikubaliwa asiondoke na neno la mdomo la afisa mikopo, huyo anaweza kuhamishwa kesho na anayekuja anaona tu kwenye kompyuta kwamba mama hajalipa. Adai ratiba mpya ya marejesho, yenye sahihi na muhuri, na iandikwe wazi kwamba faini za kuchelewa hazihesabiwi kwa hiyo miezi saba.