Waifai ya ofisini haijaharibika, paswedi yako ya zamani ndo bado ipo hai kwenye vifaa vyako

"Mbona waifai ya nyumbani naweka paswedi mara moja inakaa miaka, ya ofisini nikibadilisha tu paswedi ya akaunti inanikatalia hata nikiandika sahihi kabisa?"

Kwa sababu ya nyumbani haikujui wewe, inajua neno moja ambalo nyumba nzima mnalo, na ruta inaangalia kama unalo basi. Ya ofisini au chuoni mara nyingi inaenda kwa 802.1X, yaani pointi ya waifai yenyewe haiamui kitu, inapeleka jina lako na uthibitisho wa paswedi kwenye seva ya RADIUS, ile inayokagua nani aruhusiwe kuingia, nayo inauliza kule kule akaunti yako ya imeili na kompyuta inakokaa. Akaunti ikifa au paswedi ikiisha muda, waifai nayo inakukatalia kifaa kikijaribu kujiunga tena. Watu wanaiona kero ila mimi naona ndo uzuri wake, mtu akiacha kazi leo inafungwa akaunti yake moja na wengine mia tatu hawagusi kitu. Ingekuwa paswedi moja ya wote kama nyumbani, kila anayeondoka anaondoka nayo, na hakuna atakayekubali kuibadilisha kwenye vifaa vyote kila mwezi.

Sasa kinachowaumiza watu hasa sio huku kukataliwa, ni kinachofuata. Chukua mtu ana laptopu, simu, na tableti ipo kwenye droo imewashwa kaisahau. Jumatatu asubuhi anabadilisha paswedi kwenye laptopu, safi. Simu na tableti hazina habari, zina ya zamani na kila zikiamka zinajaribu kujiunga zenyewe kimya kimya. Ofisi ikiwa imeweka kwamba ukikosea mara tano akaunti inajifunga nusu saa, vile vifaa viwili vinaweza kumaliza hizo nafasi kabla hata hajanywa chai. Imeili inakataa, laptopu inakataa, yeye anajua kakosea kuandika paswedi mpya, anajaribu tena anazidi kuifunga, anapiga simu aiti wanaifungua, baada ya dakika kadhaa imejifunga tena maana tableti ipo droo inaendelea na kazi yake. Hapo ndo utasikia "mtandao wa hapa mbovu", wakati mtandao umefanya kile kile ulichoambiwa.

Kutofautisha ni rahisi. Zima waifai, washa data ya simu, ingia imeili na paswedi mpya. Ikikubali, akaunti ni nzima na shida ni kile simu ilichokihifadhi. Ikikubali sasa hivi halafu baadae inakataa halafu inakubali tena, kuna kifaa kinakufungia, kitafute. Zima waifai kwenye vifaa vyote, subiri au waombe aiti waifungue, halafu futa mtandao kwenye kila kifaa (kwenye simu ni `Forget`) na uunganishe kimoja kimoja. Kwenye Windows:

```
netsh wlan show profiles
netsh wlan delete profile name="JINA_LA_MTANDAO"
```

Kama kilichobadilika ni jina la akaunti, usiishie kuandika paswedi mpya, simu inaweza kukuuliza paswedi tu huku jina la zamani limekaa pale pale, utaandika sahihi mpaka uchoke. Futa yote uanze upya.

Wanaolalamika nao wana hoja, tena nzito, ila inahusu kitu kingine, ile sheria ya kubadilisha paswedi kila baada ya siku kadhaa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2017 ilisema watu wasilazimishwe kubadilisha bila dalili kwamba paswedi imevuja, na 2019 Microsoft nao wakaitoa kwenye mapendekezo yao ya usalama ya Windows, maana watu wanaongeza tu namba mwishoni. Na kuna ule mtego mbaya, paswedi imeisha muda, unahitaji mtandao ili uibadilishe na mtandao unahitaji paswedi mpya ambayo bado hujaiweka. Hapo mtumiaji hana kosa, ofisi inatakiwa iwe na ukurasa wa kubadilishia unaofunguka hata kwa data ya simu. Kwa hiyo mimi kukata akaunti iliyokufa nakutetea, kuifungia akaunti isiyo na tatizo eti paswedi imefikisha robo mwaka siwezi.

Wapo waliohamia EAP-TLS, kifaa kinaingia kwa cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani yake na ukibadilisha paswedi waifai haishtuki kabisa. Ni njia nzuri kwa laptopu za ofisi ambazo aiti wanazisimamia wenyewe. Kwa simu za wanafunzi ni kazi, mtu lazima apitie hatua za kuweka cheti, na cheti nacho kina tarehe ya kuisha, siku ikifika simu inakataliwa vile vile na safari hii hakuna hata paswedi ya kuandika.