Kupanga kwanza au kutaja jina kwanza? Matembezi ya majani, mawe na wadudu

Walimu wa awali na wa darasa la kwanza hadi la tatu wanaowatoa watoto nje kuokota majani, mawe na wadudu hutofautiana kwa jambo moja. Wapo wanaotaja jina la kitu kwanza, kisha mtoto akipange. Wapo wanaomwacha apange kwa macho na vidole vyake, jina lije mwisho. Nchini Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, lugha ya mtaala huelekea upande wa pili, lakini kipindi cha dakika 30 na darasa lililojaa humvuta mwalimu arudi upande wa kwanza.

Naanza na majani, kwa kuwa huko ndiko kupanga kwanza kunakolipa zaidi. Chukua uwanja wa shule wenye mwembe, mpera, mwarobaini na mpapai, na watoto 40. Wagawe vikundi vya watano watano, kila kikundi kilete majani kumi tu. Yakizidi hapo, watoto huhesabu badala ya kutazama. Jani la mpapai moja linatosha darasa zima: ni kubwa sana, kila mtoto hutaka kulifanya mwavuli, na utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo mwalimu alikate mwenyewe.

Mwambie mtoto wa miaka mitano au sita aweke pamoja yanayofanana, na mara nyingi ataanza na rangi. Hapo ndipo mwembe unapofaa. Majani yake machanga ni mekundu ya shaba na yamelegea, yaliyokomaa ni ya kijani kizito na magumu, yaliyoanguka ni ya njano au kahawia. Ukipanga kwa rangi, mwembe mmoja unagawanyika mafungu matatu, na jani lake la kijani linakaa na la mpera. Mwalimu asiseme kwamba wamekosea. Alete tawi moja la mwembe lenye majani machanga na yaliyokomaa, aulize: haya yametoka wapi? Watoto wakishaona kwamba rangi mbili zimeota kwenye tawi moja, hutafuta alama nyingine, na jani la mpera linawapa alama hiyo. Geuza upande wa chini, pitisha kidole: mishipa imeinuka mistari mistari na jani linakwaruza kidogo. La mwembe ni laini na lina urefu mwembamba. Mtoto aliyefika hapo amejitengenezea kigezo, hakupewa.

Mwarobaini ndio unaowavuruga watoto, na walimu pia. Mtoto huchuma kijani kimoja kidogo chenye kingo za msumeno na kusema ni jani. Sivyo. Jani zima la mwarobaini ni ule uti wote wenye vijani vidogo pande mbili. Namna ya kujua ni kutazama kwapani, pale kikonyo kinapoungana na tawi: kwenye jani la kweli kuna kichipukizi kidogo, na chini ya kijani kimoja kimoja hakuna kitu. Kwa darasa la awali hili ni gumu, waambie tu wachume pamoja na kikonyo mpaka kwenye tawi. Kwa darasa la tatu linafaa sana. Kosa jingine ni kuahirisha kazi hadi kesho yake. Vijani vya mwarobaini hupukutika vikianza kukauka, na asubuhi kikundi kinakuta vijiti vitupu. Kama kipindi kimekwisha, laza majani ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito siku hiyo hiyo.

Sasa upande wa wanaotaja jina kwanza, na hoja yao si nyepesi. Vikundi vinane vikipanga kila kimoja kwa namna yake, mwalimu mmoja hawezi kusikiliza sababu za vyote, na kupanga bila kueleza sababu ni kuchezea majani tu. Watoto wadogo pia hubadilisha kigezo katikati: wanaanza na rangi, wakiona jani kubwa wanaruka kwenye ukubwa, na fungu la tatu halina maana yoyote. Jina huwashika mahali pamoja. Tena mtoto anayerudi nyumbani akisema "mwarobaini" anaweza kuulizwa na bibi yake kama anajua dawa ya mti huo. Anayerudi akisema "yenye meno" hana cha kuendeleza.

Hata hivyo hoja hiyo inahusu muda zaidi kuliko mpangilio. Vipindi viwili vilivyofuatana vinaondoa sehemu kubwa ya tatizo: cha kwanza kutembea na kuokota, cha pili kupanga, kueleza na kutaja majina katika dakika kumi za mwisho. Mwalimu atembelee vikundi vinne tu kwa siku, awaulize swali moja, "kwa nini hili liko hapa?", na vinne vilivyobaki siku nyingine. Asiyepata vipindi viwili afadhali atumie miti miwili badala ya minne kuliko kuanza na majina.

Mawe hayana mvutano mkubwa. Ukubwa, uzito, ukali wa kingo, rangi likiwa kavu na likilowa: vinatosha. Pwani, matone ya ndimu juu ya jiwe la matumbawe huleta mapovu madogo, na ukijaribu kokoto nyeusi za barabarani kwa kawaida hakuna kinachotokea. Hicho ni kigezo kizuri ambacho jicho peke yake lisingekiona.

Kwa wadudu nageuka na kukubaliana na wanaotaja jina kwanza: baadhi ya majina lazima yatangulie, kabla ya kuvuka mlango wa darasa. Siafu, nyuki, nyigu, kiwavi mwenye manyoya, na yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na nyekundu ambaye Wakenya humwita nzi wa Nairobi. Huyu haumi. Madhara hutokea akipondwa kwenye ngozi, kwani majimaji yake hutoa malengelenge, kwa hiyo mtoto afundishwe kumpuliza, si kumpiga, na palipoguswa paoshwe kwa sabuni. Mimea miwili iingie kwenye orodha hiyo hiyo: upupu, na mnyaa, ambao utomvu wake ni hatari kwa macho.

Wadudu waliobaki wanaweza kupangwa kwa miguu, ila kuna mitego. Panzi akishikwa mguu wa nyuma anaweza kuuacha mkononi, na mtoto akahesabu mitano. Mfunike kwa kikombe kisicho na rangi, sukuma kadi chini yake, mmoja kwa kila kikombe, kivulini, na mwachie baada ya dakika kumi mahali alipokamatwa. Kopo lililofungwa juani hupata joto haraka. Kiwavi naye anavunja kanuni ya miguu sita, kwa sababu nyuma ya miguu mitatu mitatu ya kweli ana vijiguu laini vya kushikia jani. Darasa la awali lisihangaishwe naye. Darasa la tatu lipewe kioo cha kukuzia na kuulizwa ni miguu ipi yenye viungo.

Kujua kama kupanga kumefaulu, wiki inayofuata mwalimu alete jani la mti ambao haukuwamo, tuseme mkwaju, bila kulitaja jina, na alikabidhi kila kikundi. Kikundi kinachoutazama uti na vijani vyake, kikauweka karibu na mwarobaini na kuweza kusema sababu, kimeshika kigezo. Kikiuweka na majani madogo kwa sababu tu "ni kadogo", bado kinapanga kwa ukubwa, na matembezi yajayo yaanzie hapo.