Kofi Nitakuletea Kesho

Nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Pasua, mkono wa kushoto umeshika bomba na wa kulia umeshika simu, nilimwandikia mama mwenye nyumba ujumbe wa heshima kabisa: "Shikamoo mama, kofi nitakuletea kesho asubuhi." Nilikusudia kodi. Kabla hatujafika Mbuyuni alikuwa amekwisha kunipigia, akitaka kujua nitampiga kwa mkono upi.

Nililaumu vitufe kuwa vidogo. Nikafungua Settings za Gboard, kibodi ya simu yangu, nikaingia Preferences, na kwenye Keyboard height nikachagua Extra-tall bila kupitia Mid-tall wala Tall, kwa sababu mtu aliyetukanisha ukoo hapimi. Vitufe vikarefuka kama migomba, vikafunika nusu ya kioo, na ujumbe wa mama niliotakiwa kuujibu ukabaki mstari mmoja. Ajabu ni kwamba kofi liliendelea kutoka. Urefu huongeza kitufe kwenda juu tu, na humfaa anayekosea mstari, yule anayetaka D akapata E au C. Mimi D yangu ilikuwa inaangukia F, jirani yake wa kulia kwenye mstari uleule. Dole gumba langu linatokea kulia, D iko mbali kushoto, kwa hiyo linanyooka, linachoka njiani na kutua kabla halijafika.

Dawa yake ilikuwa One-handed mode, upande wa kulia. Kibodi nzima husinyaa na kusogea upande liliko dole gumba, na pembeni hubaki nafasi yenye mshale wa kuihamishia kushoto. Vitufe vinakuwa vyembamba, nalo hilo lilinitia wasiwasi, lakini kidole kisichonyooka hulenga vizuri kuliko kinachojivuta. Urefu nikaurudisha Mid-tall, ili ile mistari inayosongamana ipate pumzi. Nyumbani, nikiandika kwa mikono miwili, naizima One-handed mode, maana huko wembamba wake ni adha tupu.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Badala yake niliingia Theme, nikaweka picha ya Kibo niliyoipiga mwenyewe alfajiri, nikasukuma mwangaza mpaka mwisho ili mlima ung'ae. Herufi nyeupe zikazama kwenye theluji, na kwa jua la saa saba pale stendi nilikuwa napapasa kama mtu anayetafuta sindano gizani. Sasa nina rangi moja nyeusi na Key borders imewashwa, kila herufi ndani ya kisanduku chake. Haipendezi, ila inasomeka.

Jana nimeandika "kodi" mara tatu bila kosa, daladala ikiruka matuta. Mama amejibu kwamba neno sasa ameliona vizuri, na anauliza fedha zenyewe ziko wapi.