Potasiamu na Magnesiamu Kwenye Mchanga wa Mombasa: Tufuate Uwiano au Kiasi?

"Nimepima udongo wa robo ekari yangu ya nyanya huku Mwakirunge. Karatasi ya maabara inasema potasiamu 47, magnesiamu 29, kalsiamu 420, CEC 4, pH 6.1. Bwana shamba mmoja kaniambia uwiano wa potasiamu na magnesiamu ni mzuri, nisiongeze kitu. Mwingine kasema vyote viko chini, nimwage gunia zima la potashi. Nimfuate yupi?"

Ndugu yangu, kila mmoja ameshika nusu ya hesabu. Tuanze na huyu wa uwiano, maana watu humpuuza upesi na mimi naona ana jambo la maana.

Namba za maabara ni za ppm, yaani miligramu kwa kila kilo ya udongo, na huonyesha uzito. Mizizi na chembe za udongo hushughulika na chaji, kwa hiyo kabla ya kulinganisha, kila namba hugeuzwa kwanza. Potasiamu unagawanya kwa 391, magnesiamu kwa 121.5, kalsiamu kwa 200. Kwenye karatasi yako tunapata 0.12, 0.24 na 2.1. CEC, yaani uwezo wa udongo wako wa kushika madini haya, ni 4. Kwa hiyo potasiamu imechukua asilimia 3 ya nafasi, magnesiamu asilimia 6, kalsiamu asilimia 52 hivi. Watafiti wa New Jersey, Marekani, walipendekeza miaka ya 1940 kwamba udongo bora uwe na kalsiamu asilimia 65, magnesiamu 10 na potasiamu 5, yaani magnesiamu mara mbili ya potasiamu. Kwako ni mara mbili kamili. Kwa kipimo hicho bwana shamba wa kwanza hakukosea.

Shida ni kwamba asilimia haisemi kuna kiasi gani. Udongo wa mfinyanzi wenye CEC 20 na potasiamu asilimia 3 una potasiamu mara tano ya udongo wako katika kila kilo, na asilimia inabaki ileile. Mchanga wetu wa pwani una nafasi chache za kushikia madini, hivyo unaweza kuwa na uwiano wa kupendeza huku mnyanya ukifa njaa. Watafiti wa Ohio walijaribu nadharia hii katika miaka ya 1980 na hawakuona uwiano mmoja unaoleta mavuno bora. Walichokiona ni kwamba mmea hustawi katika uwiano wa aina nyingi, mradi kila madini yawepo ya kutosha.

Upande wa pili unauliza kuhusu kutosha, na hapa pana mtego mwingine. Kutosha ni kiasi gani? Majedwali mengi ya jumla huweka kikomo cha chini cha potasiamu kwenye 0.24 me%, kile kipimo cha chaji tulichogeuzia namba zako, sawa na karibu ppm 94, na kwa hayo wewe uko chini kabisa. Jedwali la Florida, lililotengenezwa kwa ajili ya mboga za kwenye mchanga kwa kipimo cha Mehlich-3, linaita potasiamu ya ppm 36 hadi 60 kuwa ya wastani, na magnesiamu ya 21 hadi 40 vilevile. Kwa hilo, 47 na 29 zote ni za wastani. Kila jedwali linafaa kwa kimiminika kilichotumika kukamulia madini maabara na kwa udongo ambao mazao yalijaribiwa juu yake. Kwa hiyo piga simu maabara uulize wametumia kipimo gani kabla hujaazima jedwali la mtu.

Sasa tulitazame lile gunia. Robo ekari ni mita za mraba 1,000 hivi. Tabaka la juu la sentimita 20, kwa mchanga wa tani moja na nusu kila mita ya ujazo, lina uzito wa tani 300. Kwa hiyo kila ppm 1 ni kilo 0.3 shambani kwako. Una kilo 14 za potasiamu na karibu kilo 9 za magnesiamu. Gunia la kilo 50 la kloridi ya potasiamu, lililoandikwa MOP, lina nusu yake potasiamu halisi, yaani kilo 25, sawa na ppm 83. Likiyeyuka lote, potasiamu inapanda kutoka 47 hadi 130, na ukiigawanya kwa 391 unapata 0.33. Magnesiamu imebaki 0.24. Ule uwiano wa mbili kwa moja umepinduka, na mizizi iliyozungukwa na potasiamu nyingi hupokea magnesiamu kwa shida hata kama magnesiamu bado imo ardhini. Pamoja na hayo, karibu nusu ya gunia hilo ni kloridi, na visima vingi vya ukanda wetu tayari vina chumvi. Mvua ya masika ikija, kinachobaki juu kinashuka chini ya mizizi pamoja na pesa zako.

Kwa hiyo mimi simfuati yeyote kati yao mpaka mwisho. Kwenye mchanga, jumla ya mbolea itoke kwenye mahitaji ya zao, kwa sababu udongo huu hauwezi kuwekewa akiba. Uwiano nautumia kwa kazi nyingine: kuangalia kama dozi moja ni kubwa mno kuwekwa kwa mkupuo.

Tufanye hesabu. Tuseme unalenga tani 4 za nyanya. Kila kilo ya nyanya mbichi hubeba gramu 2.4 hivi za potasiamu, kwa hiyo matunda peke yake yataondoka na kilo 9.5. Ongeza ya shina na majani, tufike kilo 15. Zile kilo 14 za ardhini tuziache zilipo, maana mzizi haukamui kila kitu na tukizimaliza msimu ujao utaanza na udongo mtupu. Kama una samadi kavu ya ng'ombe, kilo 500 zenye potasiamu asilimia 1 zinatoa kilo 5. Samadi hutofautiana sana, kwa hiyo hii ni kadirio tu. Zinabaki kilo 10 za kununua.

Mfuko husema K2O, yaani potasiamu ikihesabiwa pamoja na oksijeni, si potasiamu yenyewe. Salfeti ya potasiamu, ile SOP, huandikwa 50. Zidisha 50 kwa 0.83 upate asilimia 42 hivi. Kilo 10 ukizigawanya kwa 0.42 unapata kilo 24 za SOP. Ni ghali kuliko MOP, lakini kwa maji ya kisima chenye chumvi naona inastahili. Ukimwagilia maji matamu, kilo 20 za MOP zinafanya kazi ileile. Na kama unapanda kwa 17-17-17, usisahau kwamba mfuko wake wa kilo 50 tayari una kilo 7 za potasiamu. Zitoe kwenye hesabu. Hapa ndipo wengi huweka potasiamu mara mbili bila kujua.

Kilo 24 zigawe mara sita, kilo 4 kila mara: ya kwanza wakati wa kuhamisha miche, zilizobaki kila wiki mbili kuanzia maua ya kwanza. Kilo 4 za SOP huongeza chini ya ppm 6, kwa hiyo uwiano wako unatikisika kidogo tu na mmea unakula kabla ya dozi nyingine kuja. Ukizimwaga zote siku moja unapandisha potasiamu hadi ppm 80, na mbili kwa moja inakuwa karibu moja kwa moja. Mfuko ni uleule na bei ni ileile.

Magnesiamu ina hesabu tofauti. Matunda ya tani 4 hubeba chini ya nusu kilo, na nyingi inayohitajika iko kwenye majani. Kilo 2 au 2.5 zinatosha zao zima, na ardhini una 9. Kwa hiyo kazi yako ni kuilinda dhidi ya potasiamu kuliko kuijaza. Kilo 20 za chumvi ya Epsom, yenye magnesiamu asilimia 10 hivi, zikigawanywa mara mbili, moja wakati wa kupanda na nyingine matunda ya kwanza yanapojifunga, zinatoa kilo 2.

Lakini kabla ya kuinunua, pima maji ya kisima. Nyanya ya robo ekari inaweza kunywa lita 400,000 kwa msimu. Maji yenye magnesiamu miligramu 15 kwa lita yanaleta kilo 6 zenyewe, na kisima kinachopokea hata sehemu ndogo ya maji ya bahari hufikia kiwango hicho kwa urahisi. Hapo Epsom haina kazi. Tatizo lako litakuwa sodiamu, na potasiamu ndiyo itakayohitaji kulindwa. Nashangaa mapendekezo mengi ya mbolea pwani hutolewa bila mtu kuuliza maji yanatoka wapi.

Kwa pH yako ya 6.1, chokaa ya dolomaiti pia ingeleta magnesiamu polepole na kwa bei ndogo, ila hupandisha pH. Mwenye shamba juu ya mawe ya matumbawe, pH ikizidi 7.5, asiitumie kabisa kwa sababu haitayeyuka. Huyo pia asiamini zile asilimia za CEC. Kipimo huyeyusha chokaa iliyo huru na kuihesabu kama kalsiamu iliyoshikwa na udongo, na asilimia zote zinapotoka.

Ukiona majani ya chini yanageuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, shuku magnesiamu. Kingo za majani ya chini zikiungua na tunda likaiva mabakamabaka, shuku potasiamu. Wachuuzi wa Kongowea hukata bei upesi kwa nyanya ya namna hiyo. Kuhakikisha, nyunyizia mstari mmoja tu Epsom gramu 20 kwa lita ya maji, jioni, uache wa jirani. Baada ya wiki mbili, kama majani mengine ya mstari ule hayageuki manjano na ya jirani yanageuka, umepata jibu. Majani yaliyokwisha kuharibika usiyategemee kurudi kijani. Na ukipitishia mbolea kwenye dripu, usichanganye SOP wala Epsom na nitreti ya kalsiamu katika pipa moja. Huganda jasi na kuziba matundu.

Mavuno yakiisha, chukua sampuli tena kwa kina kilekile na upeleke maabara ileile. Potasiamu ikishuka chini ya 40, ongeza dozi moja ya kilo 4 msimu ujao. Ikipita 60, punguza mbili. Magnesiamu ikianguka chini ya 20 ilhali potasiamu imepanda, punguza potasiamu kwanza kabla ya kununua Epsom zaidi.