Kabla Hujaacha Kazi Ukasome Shahada

Tuchukue kijana wa miaka 24 anayeishi Changamwe. Ana diploma, ameajiriwa na wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, na mshahara unaomfikia mkononi, baada ya PAYE, NSSF na SHIF, ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Anafikiria kuacha kazi asome shahada kwa miaka 2, akitarajia kwamba akimaliza atapata 45,000. Karo, vitabu na ada ndogo ndogo ni 140,000 kwa mwaka. Takwimu hizi nimeziweka kwa ajili ya hesabu tu. Kila mtu aweke zake.

Nyumbani hesabu hii hufanywa kwa kidole: nyongeza ya 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka, mara miaka 34 mpaka afike 60, ni 6,120,000. Toa karo 280,000. Nani atakataa? Lakini hapo kuna makosa mawili, na yote mawili yanaivutia hesabu upande mmoja.

La kwanza ni mshahara anaouacha. Kwa miaka 2 hatapokea 360,000 kila mwaka. Ukijumlisha na karo, mwaka mmoja wa darasani unamgharimu 500,000, na karo yenyewe si hata theluthi ya hizo. Chakula na kodi ya nyumba usiviingize, kwa sababu angekula na kulala hata kama angebaki kazini. Kinachohesabiwa ni kile tu kinachobadilika kwa sababu ya uamuzi.

Kosa la pili ni kuzihesabu pesa za miaka 30 ijayo kana kwamba ziko mfukoni leo. Aliyewahi kucheza chama analijua jambo hili vizuri: kiasi ni kile kile kwa wote, lakini kila mtu anagombania zamu ya mwanzo. Kiwango cha punguzo kinaweka namba kwenye hamu hiyo. Kiwe kile ambacho pesa zako zingezaa pengine, au kile unachotozwa ukikopa. Mkopo wa sako wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua unakuleta kwenye asilimia 12 na kidogo kwa mwaka, kwa hiyo nitatumia 12. Wanaokopa HELB kwa asilimia 4 wasiitumie 4 kwa hesabu nzima. Mkopo ule unasaidia karo. Haurudishi mshahara ulioachwa, ambao ndio mzigo mkubwa.

Kwa asilimia 12, kila mwaka wa kungoja unagawanya pesa kwa 1.12, kwa hiyo nyongeza ya 180,000 atakayoipata mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu ina thamani ya kama shilingi 3,000 leo. Gharama za miaka 2 kwa thamani ya leo ni 845,000. Nyongeza zote 34 kwa pamoja ni 1,170,000. Faida halisi, basi, ni 325,000. Ipo, lakini iko mbali sana na zile milioni za mezani.

Kwenye jedwali la kompyuta, andika tofauti ya kila mwaka kuanzia B2: -500000 mara mbili, kisha 180000 mara 34, halafu:

```
=NPV(0.12, B2:B37)
=IRR(B2:B37)
```

Fomula ya kwanza inatoa ile faida ya 325,000, na inachukulia kwamba kila pesa inaingia au kutoka mwisho wa mwaka. Ukilipa karo yote leo, iweke nje ya mabano na uitoe kando, ama gharama itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ya pili inatafuta kiwango kinachoifanya faida iwe sifuri, na hapa inatoa kama asilimia 16.5. Maana yake, anayekopa kwa zaidi ya hapo anapata hasara hata kila kitu kikienda sawa.

Na ni nadra kila kitu kwenda sawa. Tuseme amehitimu, akakaa mwaka mzima akitafuta kazi. Hakosi nyongeza ya 180,000 peke yake; anakosa mshahara wote wa 540,000, kwa kuwa ile kazi ya zamani ameshaiacha. Kwa thamani ya leo hiyo ni 384,000, na faida ya 325,000 imegeuka hasara ya 59,000. Mwaka mmoja tu. Ndiyo sababu naona swali la karo linapewa uzito usio wake. Atakayefaulu kupunguziwa karo 20,000 atafurahi, na ana haki, lakini miezi 2 ya kukaa bila kazi inakula zaidi ya hiyo.

Sasa abaki kazini asome jioni na wikendi kwa miaka 3, na karo pamoja na nauli ya matatu iwe 110,000 kwa mwaka. Gharama kwa thamani ya leo ni 264,000. Nyongeza zinaanza mwaka mmoja baadaye, kwa hiyo zinashuka hadi 1,042,000. Faida ni 778,000, zaidi ya mara mbili ya ile ya kuacha kazi. Akichelewa mwaka kupata nafasi mpya, anapoteza nyongeza peke yake, kama 114,000, na bado yuko juu. Akikatiza masomo mwishoni bila cheti, amepoteza 264,000 badala ya 845,000. Na kukatiza huko kupo: meli zikifuatana na makaratasi yakilundikana, darasa la saa kumi na mbili jioni ndilo la kwanza kuachwa. Anayejua kwamba mwajiri wake hatamwachia jioni zake aongeze mwaka wa nne kwenye jedwali kabla ya kujiandikisha.

Kuna anayeweza kupinga kwamba nimeiacha mishahara pale pale miaka yote huku bei zikipanda. Ni hoja ya haki. Ukiamini kwamba pengo la mishahara litapanda sambamba na bei, toa mfumuko wa bei kwenye kiwango: ukiwa 5, tumia kama 7. Faida ya kuacha kazi inapanda hadi 1,117,000, na ya jioni hadi 1,585,000. Namba zimekua, ila mpangilio haukubadilika.

Umri nao hautishi kama watu wanavyodhani. Mtu wa miaka 44 mwenye namba hizo hizo, aliyebakiza miaka 14 ya nyongeza, bado anapata faida ya kama 106,000, kwa kuwa miaka ya mbali ilikuwa na thamani ndogo tangu mwanzo. Kinachomwangusha mara nyingi ni kwamba mshahara anaouacha umeshakua.

Namba dhaifu kuliko zote ni ile 45,000. Usiichukue kwa meneja mwenye shahada, maana yeye analipwa pia uzoefu na watu anaowajua. Waulize waliomaliza kozi hiyo hiyo miaka 3 hadi 5 iliyopita, na uwaulize pia wale ambao hawakupata. Na ukumbuke kwamba pengo lenyewe laweza kukatika. Serikali ilipoamuru kontena zipandishwe SGR na kutolewa Nairobi, kazi nyingi za kutoa mizigo zilihama Mombasa, mpaka agizo hilo likabatilishwa mwaka 2022. Mimi ningeirudia hesabu kwa nyongeza ya 10,000 badala ya 15,000. Kwa asilimia 12, kuacha kazi kunaleta hasara ya 65,000. Kusoma jioni bado kunaacha faida ya 431,000.